Idd Inasogea, Shule Haisogei

Februari 2027 ina siku tano ambazo kila mwenye duka la nguo angepaswa kuzizungushia wino kwenye kalenda yake tangu sasa. Jumamosi ya tarehe 6 Wachina wanaanza mwaka wao mpya, na viwanda vyao vinakuwa vimefungwa. Jumatatu ya tarehe 8, au siku moja baadaye kutegemea mwandamo wa mwezi, Waislamu wanaanza kufunga Ramadhani. Jumatano ya tarehe 10 ni Jumatano ya Majivu, na Wakristo wanaingia Kwaresma. Wakati huo wazazi watakuwa wametoka kununua sare na madaftari ya Januari, na Krismasi itakuwa imepita wiki sita tu nyuma.

Kwa mnunuzi hizo ni sikukuu na majira yanayofuatana. Kwa mwenye duka ni fedha ileile inayotakiwa kuzunguka mara tatu ndani ya miezi minne: izae Krismasi, izae ufunguzi wa shule, izae Idd. Biashara nyingi ndogo za Kariakoo hazianguki kwa kukosa wateja wa Idd. Zinaanguka kwa sababu wateja walipokuja, fedha ya kununulia mzigo wao ilikuwa bado imelala kwenye magauni ya Krismasi. Kwa hiyo nikiulizwa kampeni ya sikukuu ni nini, sitaanza na bango wala tangazo la redioni. Nitaanza na swali la siku gani mteja anatoa fedha mfukoni, na siku gani muuzaji anapaswa kuitoa ya kwake.

Siku hizo mbili hazifanani na siku ya sikukuu yenyewe. Chukua Krismasi ya Dar es Salaam. Tarehe 25 Desemba ndiyo iliyoandikwa kwenye kalenda, lakini muuzaji wa rejareja mjini anajua kwamba biashara yake inaisha mapema zaidi. Mabasi ya Moshi na Arusha yanajaa, Wachaga na majirani zao wanapanda kwenda nyumbani na familia nzima, na nguo za watoto zinatakiwa ziwe zimeshafungwa kwenye mabegi. Anayewauzia wenye maduka ya mikoani anamaliza mapema zaidi ya hapo, kwa kuwa mzigo wa Songea au Bukoba unahitaji siku za njiani na siku za kupangwa dukani. Tangazo la "ofa ya Krismasi" linalotundikwa Kariakoo tarehe 18 Desemba linawaita watu ambao nusu yao wako njiani.

Idd nayo ina mwendo wake, na mwendo huo hauanzi siku ya mwezi kuandama. Kumi la kwanza la Ramadhani ni la tumbo: tende, tambi, ngano, sukari, mihogo, magimbi, nazi. Katikati ya mwezi akina mama wanageukia mapazia, vyombo na vitambaa. Hapo kuna mlango unaofungwa kimyakimya, nao ni wa mafundi cherehani. Fundi mzuri akifika katikati ya Ramadhani huwa na kazi tele na hapokei kitambaa kipya, maana hataki lawama za mchana wa Idd. Muuza vitambaa anayengoja kumi la mwisho ndipo ajitangaze, anawatangazia watu ambao hawana tena wa kuwashonea. Kumi la mwisho ni la vilivyo tayari: magauni, suruali, viatu, kanzu, kofia, abaya. Biashara hiyo hufanyika zaidi usiku, baada ya tarawehe, kama inavyoonekana Darajani kwa Unguja na Mtaa wa Biashara kwa Mombasa. Anayefunga duka saa kumi na mbili jioni katika siku hizo amejinyima sehemu nono ya siku.

Tofauti kubwa kati ya misimu hii ni kwamba Krismasi na shule hazihami, lakini Idd inahama. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo kila mwaka Ramadhani inarudi nyuma kwa siku kama kumi au kumi na moja kwenye kalenda ya miladia. Idd el Fitr ya mwaka 2024 ilikuwa tarehe 10 Aprili. Ya 2026 iko karibu na tarehe 20 Machi, ya 2027 karibu na tarehe 10 Machi, na ya 2028 karibu na tarehe 27 Februari. Kila mtu anajua kwamba inasogea. Wachache wanaofuatilia ni nini inakisogelea, nami nitalirudia hilo mbele.

Tuchukue duka moja la mfano, la nguo na viatu vya watoto, lenye mtaji wa shilingi milioni 24. Mwenye duka anataka mzigo wa Krismasi wa milioni 10, mzigo wa shule wa milioni 6, na mzigo wa Idd wa milioni 12 kutoka Guangzhou. Ukijumlisha unapata milioni 28, kwa hiyo ni wazi kwamba sehemu ya Idd lazima ilipwe na mauzo ya Krismasi. Hilo si kosa, ndivyo biashara inavyokwenda. Swali ni tarehe.

Hesabu inaanzia mwisho na kurudi nyuma. Idd ni karibu na tarehe 10 Machi 2027. Ili auze kumi la mwisho kwa raha, mzigo uwe umepangwa dukani kufikia tarehe 15 Februari, yaani mwisho wa wiki ya kwanza ya kufunga. Kwa njia ya meli, kutoka bandari ya China hadi dukani Kariakoo, pamoja na kutoa mzigo bandarini, mfanyabiashara mwangalifu huhesabu mwezi mmoja na nusu hadi miwili. Hapo tumefika katikati ya Desemba kama siku ya meli kuondoka. Kiwanda kinahitaji wiki tatu au nne za kushona, kwa hiyo oda inawekwa katikati ya Novemba. Akichelewa na kusema nitaagiza baada ya Krismasi, anakutana na ukuta. Mafundi wa viwandani China huanza kuondoka kwenda makwao wiki moja au mbili kabla ya mwaka mpya wao, na mwaka huo unaangukia tarehe 6 Februari. Viwanda vinaacha kupokea oda ndogo mwanzoni mwa Januari, na vikifunguliwa tena Ramadhani itakuwa imefika katikati.

Sasa angalia fedha. Desturi ya viwanda vingi vya China ni kupokea asilimia 30 oda inapowekwa na asilimia 70 kabla mzigo haujapakiwa. Kwa oda ya milioni 12, hiyo ni milioni 3.6 katikati ya Novemba na milioni 8.4 karibu na tarehe 12 Desemba. Mwenye duka ameshatoa milioni 10 za Krismasi, milioni 6 za shule na milioni 3.6 za malipo ya kwanza. Zimebaki milioni 4.4, nazo zinangojewa na kodi ya fremu, nauli ya meli na ushuru. Kwa hiyo milioni 8.4 lazima zitoke kwenye mauzo ya Krismasi, na zitoke kabla ya tarehe 12 Desemba, wakati kilele cha mauzo hayo ndiyo kwanza kinakaribia.

Kama mzigo wa Krismasi wa milioni 10 unauzwa kwa jumla ya milioni 14 na kidogo, anatakiwa awe ameuza karibu asilimia 60 yake kabla msimu haujapamba moto. Hataweza. Hapa ndipo wengi hukimbilia mkopo wa riba kali, au huomba kiwanda kingoje, mzigo ukaikosa meli.

Dawa yake iko sehemu mbili. Ya kwanza ni kuikata oda. Aagize China kwa milioni 7 vile tu ambavyo Kariakoo hazipatikani au zinapatikana kwa bei mbaya, na milioni 5 zilizobaki azinunue kwa wauzaji wa jumla wa hapahapa Ramadhani ikiwa imeanza. Atanunua kwa bei ya juu kidogo na faida kwa kila nguo itapungua, lakini deni la tarehe 12 Desemba linashuka kutoka milioni 8.4 hadi milioni 4.9. Hiyo ni karibu theluthi moja ya mauzo ya Krismasi, na inawezekana.

Ya pili ni kampeni, na sasa kampeni ina kazi inayoeleweka: kuvuta theluthi hiyo ije mapema. Ianze mshahara wa Novemba unapotoka, ikome tarehe 10 Desemba. Punguzo likitolewa katika siku hizo lina maana, kwa sababu linanunua muda. Likitolewa tarehe 20 Desemba linakula faida bure, kwani mteja wa siku hiyo angenunua hata bila kupunguziwa. Gauni lililonunuliwa kwa 14,000 na kuuzwa 20,000 lina faida ya 6,000. Ukipunguza asilimia 10 umeondoa 2,000, na faida imebaki 4,000. Kwa magauni 100 ulikuwa unapata 600,000. Sasa ili upate zilezile lazima uuze 150. Watu husikia "asilimia kumi" wakadhani wametoa kidogo, kumbe wametoa theluthi ya faida. Kwa hiyo punguzo la mapema liwe kwenye vitu vinavyokufa na msimu, kama magauni ya mtindo wa mwaka, na vile vya kila siku viachwe na bei yake.

Tofauti hiyo ya vitu vinavyokufa na visivyokufa ndiyo inayofanya msimu wa shule uwe mpole kuliko mingine. Shati jeupe na sketi au kaptula ya bluu ya shule ya msingi haichuji. Usipoiuza Januari utaiuza Julai, muhula wa pili ukifunguliwa, au Januari inayofuata. Viatu vyeusi vya ngozi ni hivyohivyo. Hatari iko kwenye sweta lenye nembo ya shule moja, kwani shule ikibadili rangi au mshonaji, umebaki nalo.

Wateja wa shule nao ni wa aina mbili, na wanahitaji kampeni mbili. Mzazi wa mtoto anayepanda kutoka darasa la tatu kwenda la nne anajua shule, rangi na takriban saizi tangu Oktoba. Elimu bila ada ilianza Januari 2016 kwa shule za serikali, lakini sare, viatu na madaftari vimebaki mzigo wa nyumbani. Huyu mzazi anaogopa Januari, kwa sababu mshahara wa Desemba mara nyingi hutoka kabla ya Krismasi na ule unaofuata uko mbali. Kumpigia kelele za "ofa ya Januari" ni kumkumbusha njaa yake. Kinachomsaidia ni kudunduliza: aanze Oktoba, aache 5,000 leo na 10,000 mwezi ujao, daftari liandikwe jina na saizi, na Desemba mwishoni achukue mfuko wake umekamilika. Duka linapata fedha mapema na linajua saizi za kuagiza. Weka tu sharti kwamba saizi inaweza kubadilishwa siku ya kuchukua, maana mtoto wa miaka tisa hakai na mguu mmoja kwa miezi mitatu.

Mzazi wa kidato cha kwanza hawezi kuanza Oktoba hata akitaka. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, lakini uchaguzi wa shule hutangazwa na TAMISEMI mwezi Desemba, na shule hufunguliwa kwa kawaida wiki ya pili ya Januari. Kabla ya hapo hajui kama mtoto atavaa sketi ya kijani au ya damu ya mzee. Akishapata fomu ya kujiunga, anakuwa na orodha ndefu na wiki chache: tranka, godoro, ndoo, shuka, fyekeo, rimu ya karatasi, sare jozi mbili. Duka linalotaka kumhudumia huyu lisipoteze fedha ya matangazo Novemba. Likae na vitambaa na mafundi waliokwisha kuahidiwa kazi, na siku majina yanapotoka litangaze jambo moja tu, kwamba orodha yote inapatikana mahali pamoja au kwa majirani wa mtaa huohuo. Kenya mambo ni tofauti, kwa kuwa mwaka una mihula mitatu na likizo ndefu huanza mwishoni mwa Oktoba au mapema Novemba. Kwa hiyo ununuzi umesambaa zaidi, ingawa Januari bado ndiyo baba lao.

Turudi Ramadhani, mzigo ukiwa njiani. Kuna ishara moja ya kuangalia. Kama wiki ya kwanza ya Januari imekwisha na hati ya shehena haijatoka, mzigo huo usiutangaze tena. Chukua fedha uliyonayo ukanunue kwa wauzaji wa jumla mapema, kabla ya wenzako waliocheleweshewa nao kufika pale wakiwa na haraka. Kontena linaloingia dukani tarehe 5 Machi lina siku tano za kuuza. Kitakachobaki kitangoja Idd el Adha, karibu na katikati ya Mei, na fedha itakuwa imelala miezi miwili.

Ishara ya pili huonekana rafuni. Mwenye duka anatazama na kuona nguo bado nyingi, lakini mauzo yameshuka. Akihesabu anakuta saizi za kati, zile za watoto wa miaka minne hadi minane, zimekatika, na zilizobaki ni za pembeni. Hapo tangazo halisaidii, litaleta tu watu wa kuambiwa "haipo". Simamisha tangazo, rudisha saizi, halafu endelea.

Na matangazo yenyewe? Kwa Ramadhani, mambo matatu yanatosha. Usiandike tarehe ya Idd kwenye bango wala kwenye ujumbe wa WhatsApp, kwani siku hutangazwa mwezi ukionekana, na bango lenye "Idd 10 Machi" linaweza kukosea kwa siku moja mbele ya mtaa mzima. Zima muziki wa dansi kwenye spika ya mlangoni. Waliofunga wanapita hapo na wanasikia. Na ujumbe uutume usiku baada ya tarawehe, wakati watu wamekula, wametulia na simu ziko mkononi. Wanaolipia matangazo ya Instagram wakumbuke kwamba nafasi zile huuzwa kwa mnada, hivyo wiki ambayo kila duka linatangaza ndiyo wiki ya bei ya juu. Ukianza siku kumi kabla ya wenzako, fedha ileile inafika kwa watu wengi zaidi.

Msimu ukiisha, kazi ya kujua kama umefanikiwa huharibiwa na kalenda yenyewe. Watu hulinganisha Machi na Machi. Mwaka 2028 Idd itakuwa Februari, kwa hiyo Machi yake itaonekana imekufa ukiilinganisha na Machi 2027, na mtu atamfukuza muuzaji wake au atahama fremu kwa kosa ambalo halipo. Daftari la mauzo liwe na safu mbili za tarehe, ya miladia na ya Hijria. Ramadhani 20 ilinganishwe na Ramadhani 20. Krismasi na shule zibaki kwenye tarehe zake za kawaida.

Sasa nilirudie lile la Idd na inakoelekea. Mwanzoni mwa Januari 2030 Ramadhani itaanza karibu siku zilezile ambazo shule hujiandaa kufunguliwa. Mwishoni mwa Desemba mwaka huohuo, siku moja hivi baada ya Krismasi, Ramadhani nyingine itaanza. Kuelekea Idd ya karibu na 24 Januari 2031, mzazi wa Kiislamu atanunua futari, sare na nguo za Idd ndani ya wiki nne. Na mwaka 2033 Idd el Fitr itaangukia karibu na tarehe 23 Desemba, siku mbili kabla ya Krismasi. Misimu mitatu iliyokuwa inapokezana mtaji itasimama mahali pamoja. Duka litahitaji fedha ya mizigo yote kwa wakati mmoja, mafundi watagombaniwa na Wakristo na Waislamu wiki moja, bandari itajaa, kisha baada ya Januari utafuata ukame mrefu bila sikukuu kubwa ya nguo hadi Idd el Adha na Pasaka. Mpango nilioueleza hapa, wa Krismasi kuilipia Idd, hautafanya kazi katika miaka hiyo.

Hali hii si ngeni. Mzunguko huu huchukua takriban miaka 33, na mara ya mwisho Idd kukaribiana hivyo na Krismasi ilikuwa Desemba 2000, ilipoangukia tarehe 27 au 28. Wapo waliouza nguo Kariakoo, Darajani na Marikiti mwaka huo, na wengine bado wanakaa madukani mwao. Wanajua waliagiza lini, waliishiwa na nini, na walikula nini kuanzia Februari. Ikiwa una jirani wa umri huo, nenda ukamuulize mwaka huu, na uandike anachokuambia.